Milioni mia moja hazikuwa za meneja: barua ya wazi kwa bodi

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,

YAH: TOFAUTI YA GHARAMA ZA DIZELI, MEI 2022

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mnanifahamu, ingawa jina langu siliweki hapa na la kampuni silitaji. Nilikuwa mhasibu wenu wa gharama, yule aliyekuwa akileta makabrasha kabla ya kila kikao na kuambiwa asubiri nje mpaka aitwe. Sasa nimestaafu. Naandika hadharani kwa sababu nimesikia mnataka bonasi za mameneja wa vituo zitokane na ile ripoti ya kila mwezi ya tofauti za gharama, na kwa sababu kampuni nyingine za malori ninazozijua zinatumia ripoti ya sampuli ileile. Kabla hamjapitisha jambo hilo, naomba tulifukue faili moja la zamani.

Ripoti hiyo niliitengeneza mimi, kwa hiyo lawama ya kwanza naibeba mwenyewe.

Mtakumbuka kikao cha Juni 2022. Mstari wa dizeli wa mwezi Mei ulisomeka hivi: kwa safari 120 zilizofanyika, dizeli ilipaswa kugharimu shilingi 220,800,000, imegharimu shilingi 321,300,000, tofauti mbaya, shilingi 100,500,000. Mjumbe mmoja aliizungushia namba hiyo kalamu nyekundu mara mbili, nikasikia karatasi ikikwaruza. Meneja wa operesheni akaulizwa milioni mia zimekwenda wapi. Akasimama, akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mafuta yamepanda." Akajibiwa kwamba hakuna meneja anayekuja pale bila kisingizio. Mwezi haukuisha akahamishiwa stoo ya vipuri, na kabla ya mwaka kwisha akaacha kazi.

Mafuta yalikuwa yamepanda. Kiwango chetu cha shilingi 2,300 kwa lita tulikiweka Oktoba 2021, mimi na bosi wangu wa fedha, tukiangalia bei za miezi ile na kuongeza kidogo cha tahadhari. Kwa Oktoba 2021 kilikuwa kiwango cha haki kabisa. Tarehe 24 Februari 2022 vita vya Ukraine vikaanza, na soko la mafuta la dunia likaruka. Tarehe 4 Mei, Jumatano ya kwanza ya mwezi kama kawaida yao, EWURA wakatangaza bei kikomo mpya, na dizeli ya rejareja Dar es Salaam ikawa shilingi 3,258. Siku chache baadaye Rais akatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili bei zishuke kuanzia Juni. Kwenye daladala, bungeni, msibani, habari ilikuwa moja. Ndani ya ripoti yangu tu ndimo ilimokuwa bado Oktoba.

Ripoti ile iliunganisha maswali mawili yasiyohusiana. La kwanza: je, tulivyopanga mwaka jana kulikuwa sahihi kwa mambo yalivyokuja kutokea? La pili: mambo yakiwa yamekwisha kuwa hivyo, je, meneja aliendesha kazi vizuri au vibaya? Jibu la swali la kwanza linaitwa tofauti ya mpango, na mwenye mpango ndiye anayetakiwa kulitolea maelezo. Jibu la pili ni tofauti ya uendeshaji, na hilo ndilo la meneja. Si uvumbuzi wangu. Mmarekani Joel Demski alikwishaliandikia hoja hii mwaka 1967, ya kwamba utendaji upimwe kwa kiwango ambacho kingewekwa na mtu anayejua yaliyotokea, na sisi wahasibu tunalikuta darasani. Tunalijibia mtihani, tunafaulu, kisha tunakwenda kazini na kulisahau, kwa sababu mfumo wa kompyuta una nafasi moja tu ya kuandikia kiwango.

Njia ya kuyatenganisha ni kuweka kiwango cha pili katikati. Kiwango cha zamani kinabaki kama kilivyo, hakifutwi. Pembeni yake unaandika kiwango ambacho tungekiweka kama Oktoba tungejua hali ya Mei. Kutoka cha zamani hadi kipya ni mpango. Kutoka kipya hadi matumizi halisi ni uendeshaji. Naomba mnifuate pole pole kwenye namba za Mei.

Tuanze na bei. Wengi wanadhani kazi yote iko hapo, kumbe hapa ndipo pepesi. Sisi hatununui kituoni. Tunanunua kwa jumla, tanki zima linaletwa kwenye depo yetu, kwa hiyo bei yetu iko chini ya ile ya rejareja kwa shilingi mia na kitu. Nilipopitia ankara za wauzaji wetu wa Mei, bei ya haki kwa mnunuzi kama sisi, tangu siku ya tangazo lile, ilikuwa 3,100. Uzuri wa dizeli ni kwamba bei kikomo hutangazwa kwa nchi nzima, kwa hiyo kiwango kipya cha bei hakihitaji neno la meneja wala langu. Yeyote anaweza kutoa gazeti la siku ile akapima.

Lita ndizo zilizotufunga macho. Kiwango cha zamani kilikuwa lita 800 kwa safari ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kurudi, yaani kama kilomita 930 kwenda, gari limeshiba, na kilomita hizo hizo kurudi, tela tupu. Safari 120 mara lita 800 ni lita 96,000. Mwezi Mei tulitumia lita 102,000. Ripoti ikasema lita 6,000 zimepotea, na chumbani pale kila mtu alijua neno "zimepotea" lina maana gani kwenye kampuni ya malori.

Lakini ni ninyi, Waheshimiwa, mliopitisha mwezi Februari kwamba magari yasirudi matupu. Idara ya masoko ikatafuta mzigo wa kurudi, ikapata mchele wa Mbeya, na mwezi Mei safari 48 kati ya zile 120 zilirudi zimepakia. Gari lililopakia magunia toka Mbeya hadi Dar linakunywa lita 150 zaidi ya lile lililorudi tupu. Zidisha 48 kwa 150 upate lita 7,200. Kwa hiyo kazi ile, kama ilivyofanyika, ilihitaji lita 103,200. Meneja alitumia 102,000. Alikuwa amebana lita 1,200, nasi tukamwita mpotevu wa lita 6,000.

Na pesa ya mchele ule? Iliingia kwenye mapato ya masoko. Meneja wa masoko alipigiwa makofi kwenye kikao hichohicho, dakika ishirini kabla. Mapato ya mzigo wa kurudi yalikaa ukurasa wa tatu na dizeli yake ukurasa wa saba, na hakuna aliyefunua kurasa zote mbili kwa pamoja, mimi nikiwemo.

Sasa tuhesabu. Kwa kiwango cha zamani, lita 96,000 mara shilingi 2,300 ni shilingi 220,800,000. Kwa kiwango kipya, lita 103,200 mara shilingi 3,100 ni shilingi 319,920,000. Tofauti ya hizo mbili ni shilingi 99,120,000. Hiyo ni tofauti ya mpango: bei iliyopanda bila kutuuliza, na mzigo wa kurudi tulioukubali bila kugusa bajeti ya mafuta. Kutoka 319,920,000 hadi matumizi halisi ya 321,300,000 kunabaki shilingi 1,380,000. Hiyo ndiyo ya meneja. Katika kila shilingi mia mliyomdai, yake ilikuwa moja na senti.

Ningekuwa nataka kumtetea tu ningeishia hapo. Lakini hiyo milioni moja na ushee ina mambo mawili ndani yake, na moja wapo si zuri.

Lita 1,200 alizobana, kwa bei ya 3,100, ni shilingi 3,720,000 alizoiokolea kampuni. Zilitoka wapi? Nilimuuliza fundi mkuu, akanionyesha daftari lake: mwezi Aprili walikuwa wamebadilisha vichujio vya hewa vya magari yote ya zamani na kurudisha upepo wa matairi kwenye kipimo, kila gari, kabla ya kila safari. Si mambo makubwa, lakini ndiyo kazi ya meneja wa operesheni, na hakuna aliyemwambia ahsante.

Upande wa bei alifanya vibaya. Wastani aliolipa haukuwa 3,100 bali 3,150. Shilingi hamsini ni kidogo kwenye lita moja, lakini mara lita 102,000 ni shilingi 5,100,000. Nilipozichambua risiti za EFD moja moja, nikakuta lita 81,600 zimetoka depo kwa 3,100, na lita 20,400, moja ya tano kamili, zimenunuliwa njiani, Makambako na Mbeya, kwa wastani wa 3,350. Kadiri unavyokwenda mbali na bandari ndivyo bei kikomo inavyopanda, kila dereva anajua. Gari la Tunduma linatakiwa liondoke Dar matangi yamejaa. Magari haya yaliondoka nusu tangi kwa sababu tangi la depo lilikauka kuanzia tarehe 9 hadi 13.

Toa 3,720,000 kwenye 5,100,000 utapata ile 1,380,000. Kwa hiyo kwenye kikao kile swali la maana lilikuwa moja, na lilikuwa la milioni tano: kwa nini depo ilikauka siku tano? Halikuulizwa. Milioni mia zilikuwa zimelifunika kama gunia linavyofunika panya.

Jibu lake nalijua, na linaniuma. Ombi la malipo la shehena ya pili lilikaa idara ya fedha siku nne likisubiri saini. Meneja alichelewa kuliandika, kweli, kwa siku mbili. Sisi tukalichelewesha kwa siku nne. Hapa mtu anaweza kuniambia: basi, nayo si ya meneja, iingize kwenye mpango. Hapana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tofauti ya mpango si pipa la kutupia kila kisichokuwa kosa la meneja. Ni ya mambo ambayo kiwango kilikosea kuyajua: soko limebadilika, sheria imebadilika, kazi yenyewe imebadilika. Kuchelewesha saini si mabadiliko ya dunia, ni uendeshaji mbovu. Ni kwamba tu uendeshaji huo una meza mbili. Ibaki kwenye uendeshaji, kisha igawanywe kati ya operesheni na fedha.

Kuna jingine ambalo hata hesabu hii mpya hailionyeshi, nalitaja kwa kupita. Tangi letu la depo linabeba lita 30,000. Mwanzoni mwa Mei kila mtu wa mafuta alijua bei ya Jumatano itapanda, na ilipanda kwa mamia ya shilingi. Meneja mwenye macho angelijaza tangi Jumatatu. Hata kwa shilingi 400 kwa lita, hizo ni milioni 12. Angefanya hivyo, wastani wake ungekuwa chini ya 3,100 na ushindi ungeandikwa jina lake kwenye uendeshaji, kwa haki. Hakufanya. Mngemuuliza hilo, nadhani angekosa la kujibu, na mngekuwa mmemuuliza jambo la kweli.

Narudi kwenye ile lita 150, kwa sababu mkiikubali njia hii ndipo mtakapoibiwa.

Bei ina EWURA. Lita za gari lililopakia hazina mtu wa kuzitangaza. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza, 150 nilipewa na idara ya operesheni yenyewe, yaani mshtakiwa ndiye aliyenipa rula ya kumpimia. Hebu fanyeni 120 badala ya 150. Mara 48 ni 5,760; jumla inayohitajika inakuwa lita 101,760; na yeye aliyetumia 102,000 anageuka kuwa amezidisha lita 240. Kwa bei ya 3,100 hiyo ni shilingi 744,000 mbaya badala ya 3,720,000 nzuri. Mtu yuleyule, mwezi uleule, mafuta yaleyale. Amegeuka kutoka mbanaji kuwa mpotevu kwa sababu ya lita thelathini kwenye makadirio ya mtu mmoja.

Ndiyo maana sikuiamini mpaka tulipopima. Tulichukua magari sita, matatu ya zamani na matatu mapya. Tukajaza matangi hadi mdomoni yadi ya Mbeya, tukafunga vifuniko kwa lakiri, magari yakashuka Dar, mengine na mchele na mengine matupu, tukajaza tena hadi mdomoni na kusoma pampu. Wiki iliyofuata tukabadilishana: lililokuwa na mzigo likaja tupu. Aliyesoma pampu alikuwa kijana wa ukaguzi wa ndani, si mtu wa operesheni. Tofauti ilicheza kati ya lita 141 na 163, wastani 150 na chenji. Kipimo hicho kiligharimu muda wa wiki mbili na posho za watu watatu. Bila hicho, kiwango kipya kingekuwa ni barua ya utetezi iliyovalishwa tarakimu.

Hatari hiyo ina dalili zake, nanyi mnaweza kuziona bila kuwa wahasibu. Ya kwanza: kiwango kinarekebishwa baada ya matokeo kujulikana, na aliyeomba kirekebishwe ni yule anayepimwa. Ya pili, ambayo naiogopa zaidi, ni pale tofauti ya uendeshaji inapotoka ndogo mno mwezi baada ya mwezi, laki mbili, laki moja, sifuri. Barabara ya Tunduma haina miezi mitulivu kiasi hicho. Kuna mizani, kuna mvua, kuna gari linalala siku mbili Mikumi likisubiri springi. Ukiona uendeshaji umenyooka kama uzi, ujue kuna mtu anavuta kiwango kimfuate meneja.

Kuna pia ubishi wa wahasibu ambao sitaki uwapotezee usingizi. Mkitaka kuigawa ile 99,120,000 kati ya bei na lita, jibu linategemea unaanza na lipi. Ukizipa lita 7,200 bei ya zamani unapata shilingi 16,560,000 za lita na 82,560,000 za bei. Ukizipa bei mpya, za lita zinakuwa 22,320,000 na za bei 76,800,000. Zote halali. Chagueni moja, mwiandike kwenye mwongozo, msibadilishe katikati ya mwaka. Sehemu ya meneja haiguswi na ubishi huo.

Sasa hizi milioni 99 ni za nani? Nilipomwonyesha bosi wangu hesabu hii, jibu lake lilikuwa kwamba bodi haitapenda kuona namba kubwa hivyo isiyo na mwenyewe. Mwenyewe yupo. Sehemu ya bei ni ya soko, na hakuna wa kumlaumu kwa vita. Lakini sisi idara ya fedha tulitakiwa kupiga kengele mwezi Machi, si kungoja ripoti ya Mei. Nauli tuliyowatoza wateja mwezi Mei ilikuwa bado imepigiwa hesabu ya dizeli ya 2,300. Kwa lita 800, shilingi 800 zaidi kwa kila lita ni shilingi 640,000 kwa safari moja, ambazo tulizimeza wenyewe kwa sababu mkataba haukuwa na kifungu cha kupandisha nauli bei ya mafuta ikipanda. Hilo ni la mkurugenzi wa biashara na bodi. Sehemu ya lita ni ya uamuzi wenu wa Februari, ambao nadhani ulikuwa mzuri, ila haukuteremka hadi kwenye bajeti ya mafuta. Mkiiona namba ya mpango peke yake, haya ndiyo mtakayoyajadili. Mkiiona imechanganywa na ya meneja, mtamjadili meneja, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele yenu.

Mtu akidhani haya yote ni huruma kwa mameneja, nampa mwezi Juni 2023. Baada ya kuungua 2022, tuliweka kiwango cha mwaka 2023 kuwa shilingi 3,300 kwa lita, kwa woga. Bei ikashuka, kufikia katikati ya mwaka ilikuwa chini ya 3,000. Meneja mpya wa operesheni akaleta tofauti nzuri ya makumi ya mamilioni kila mwezi, kwa kununua tu dizeli kwa bei ambayo kila mwenye lori nchini aliinunua. Mkampongeza kwa maandishi. Nilizitazama lita. Kiwango, kikiwa sasa kimeingiza mzigo wa kurudi, kilikuwa lita 850 kwa safari. Yeye alikuwa anatumia 890. Lita arobaini kwa safari ni madumu mawili ya lita ishirini, kila gari, kila safari. Kwa safari 110 ni lita 4,400 kwa mwezi. Ilikuja kujulikana mahali yalipokuwa yanateremshwa madumu hayo, nyuma ya gereji fulani kabla ya kupanda mlima wa Kitonga, lakini ilichukua miezi mitano, na haikujulikana kupitia ripoti. Iligunduliwa na utingo aliyenyimwa mgawo wake.

Kosa lilelile la kiwango kilichopitwa na wakati lilimwondoa mtu aliyebana lita na kumpa barua ya pongezi aliyezimwaga.

Ninachoomba ni hiki. Msifunge bonasi yoyote kwenye ripoti ile mpaka iwe na safu tatu: kiwango cha bajeti, kiwango kilichorekebishwa, na halisi. Bonasi na maswali ya meneja vitoke kati ya safu ya pili na ya tatu tu. Kati ya ya kwanza na ya pili waitwe waliopanga, kwa majina ya vyeo vyao, na ninyi mmo.

Safu ya pili iandikwe na ukaguzi wa ndani, si operesheni na si waliotengeneza bajeti, maana nasi wa fedha tuna sababu zetu za kutaka mpango wetu uonekane haukukosea. Kwa bei ya dizeli watumie tangazo la EWURA la mwezi, wakitoa punguzo letu la jumla kama lilivyo kwenye mikataba. Walifanye ndani ya siku tatu za tangazo, kabla ya ankara yoyote kufika, ili pasiwepo mtu wa kulipindisha kufuata matokeo. Kwa lita, wasiguse kiwango isipokuwa kazi imebadilika kwa jambo linaloonekana kwenye karatasi: hati ya mzigo wa kurudi, barua ya wakala wa barabara kufunga njia, uamuzi wa bodi wenye tarehe. "Magari yamechoka" isiwe sababu. Gari kuchoka ni habari ya meneja na fundi wake mpaka siku bodi itakapokataa kwa maandishi ombi la kununua jipya. Kuanzia siku hiyo ni habari yenu.

Na kipimo cha magari sita kirudiwe kila baada ya miezi sita, hata kama matokeo ni yaleyale.

Kuhusu mtu wa Mei 2022, sina ninalomwombea ambalo yeye mwenyewe hakuniomba, na hakuniomba kitu. Nilikutana naye Kariakoo mwaka jana, anauza vichujio na mikanda ya mashine. Nilimwambia zile lita 1,200. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na zile za Makambako, uliziona?" Nikamwambia niliziona. Akasema, "Hizo zilikuwa zangu. Nilikuwa nimejiandaa kuzijibu siku ile."

Faili lipo kabati la chuma la kushoto, rafu ya chini, jalada la kijani. Fomu za safari zote 120 zimo, pamoja na risiti za njiani zilizobandikwa kwa mpangilio wa tarehe. Wino wa EFD unafifia haraka, kwa hiyo mkitaka kuzisoma msikawie.

Wenu,

Aliyekuwa mhasibu wa gharama,
Dar es Salaam